Pasaka Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Samaki, Barabara na Saa za Biashara

Nina mgahawa mdogo Mkuyuni, na samaki wangu nawanunua Mwaloni, Kirumba. Kila Kwaresima inapokaribia kuisha simu yangu haitulii. Mmoja anauliza kwa nini dagaa wamepanda ghafla, mwingine anataka kujua kama benki zitafunguliwa, na mwingine yuko Dar anauliza aje lini. Nimeyakusanya maswali yenyewe hapa na kuyajibu kwa kutumia Pasaka ya 2026, kwa sababu mwaka huo kalenda imekutana na ziwa kwa namna inayoonyesha kila kitu waziwazi. Sikukuu nyingine nazitaja pale zinaposaidia kulinganisha.

Kwa nini dagaa hupanda bei kila Ijumaa Kuu? Si wafanyabiashara tu wanatukomoa?

Wako wanaokomoa, lakini sababu kubwa iko angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Mvuvi anaziweka juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, kisha nyavu inavutwa. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina nguvu ya kuwaita dagaa, wanatawanyika. Ndiyo maana katika siku za mbalamwezi utaona mitumbwi mingi imepandishwa mchangani na wavuvi wanashona nyavu au wamekwenda kusalimia nyumbani.

Sasa itazame Pasaka. Kanisa huihesabu kuwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea Machi 21 au baada yake. Kwa hiyo Ijumaa Kuu haiwezi kukaa mbali na mwezi mpevu: huangukia kati ya siku moja hivi kabla yake na siku tano hivi baada yake. Siku ambayo Wakatoliki hawali nyama, na nyumba nyingi za Mwanza zinatafuta samaki, ndiyo hiyo hiyo ambayo ziwa linatoa dagaa wachache. Wanunuzi wanaongezeka na mzigo unapungua kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekaa akapanga. Zimekutana kalenda mbili zinazofuata mwezi ule ule.

Kumbuka pia kwamba Mwaloni haiuzii Mwanza peke yake. Dagaa wa pale wanapakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine na nchi za jirani, Kongo ikiwamo. Lori lililokuja kufuata mzigo halirudi tupu kwa sababu ni Ijumaa Kuu. Linashindana na mama wa Mabatini anayetaka sado moja.

Je, kila Pasaka huwa na ukali ule ule?

Hapana, na hapa ndipo inapolipa kutazama tarehe ya mwezi mpevu badala ya kutazama Pasaka peke yake. Mwaka 2025 mwezi ulikuwa mpevu Aprili 13 na Ijumaa Kuu ikawa Aprili 18, siku tano baadaye. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kila siku, hivyo baada ya siku tano unachomoza kuelekea saa tano usiku. Kuanzia jioni hadi saa hiyo kuna giza la kutosha mtu kutupa taa. Mzigo unakuwa umeanza kurudi kidogo kidogo.

Mwaka 2026 ni tofauti. Mwezi mpevu ni usiku wa kuamkia Alhamisi, Aprili 2, na Ijumaa Kuu ni Aprili 3. Mwezi unachomoza jua likizama na unakaa juu mpaka alfajiri. Mvuvi hana hata saa mbili za giza. Wiki Takatifu nzima iko ndani ya mbalamwezi, na hiyo ndiyo Pasaka ngumu kwa mnunuzi wa dagaa.

Ninunue lini basi?

Nunua wakati wa giza lililotangulia. Kwa 2026 mwezi mwandamo uko Machi 19, na Idi el Fitri inaangukia Machi 20 au 21 kulingana na mwezi kuonekana. Idi hiyo siku zote iko mwanzo wa mwezi, maana yake iko gizani, ndiyo maana dagaa huwa wa kutosha wakati wa Idi hata kama kuku na mchele vimepanda. Baada ya wiki mbili tu, soko lile lile linageuka.

Mimi nahesabu hivi. Usiku mzuri wa kuvua unaanza karibu wiki moja kabla ya mwezi mwandamo na kuendelea hadi nusu mwezi, ambayo ni Machi 25. Dagaa waliovuliwa kisiwani wanahitaji siku moja au mbili za kuanikwa, kisha safari ya mtumbwi hadi Mwaloni. Kwa hiyo soko linachelewa nyuma ya ziwa kwa siku mbili au tatu. Wavuvi wakirudi kambini Machi 26, Mwaloni bado kuna mzigo mpaka Machi 28 hivi. Baada ya hapo unaanza kusikia "mzigo haujaingia", na ukisikia hivyo jua umechelewa.

Tuseme mgahawa wako unatumia ndoo tatu za dagaa wakavu katika Wiki Takatifu, na ndoo gizani ni shilingi 30,000. Ukinunua Machi 24 unatoa 90,000. Ukisubiri Aprili 1 na bei ikapanda kwa theluthi moja, unatoa 120,000 kwa kitu kile kile, tena mara nyingi kikiwa kibaya zaidi, kwa sababu kilichobaki sokoni ni kile ambacho wengine walikikataa. Bei hizi ni za mfano. Weka ya kwako ya siku hiyo, hesabu haibadiliki.

Dagaa watakaa wiki mbili bila kuharibika?

Watakaa kama ni wakavu kweli, na hili ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu Machi na Aprili ni masika. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa, wanaloa, wanaanza kuchacha, kisha mtu anawarudishia jua la saa mbili na kuwapakia. Kwa macho wanaonekana wakavu, ndani wana maji. Mwaka mmoja nilinunua gunia zima kwa haraka jioni, bila kulifungua hadi chini. Siku ya nne stoo ilinuka, na nilipomwaga nikakuta katikati pamekuwa na ukungu. Sikupata hata sahani moja katika gunia lile.

Tangu siku hiyo naingiza mkono hadi katikati ya gunia, sitazami juu. Dagaa mzuri anang'aa fedha, si njano wala kahawia. Ukimkunja anakatika kwa mlio. Akikunjika kama uzi mbichi, mwache. Kamata wachache kiganjani na uwasugue: mchanga ukibaki mkononi, walianikwa chini. Waliokaushwa juu ya vichanja ni ghali kidogo lakini hulipii mchanga kwa uzito wala hupotezi muda kuwaosha. Ukifika nyumbani waanike tena hata kama muuzaji amekuapia, kisha wafunge kwenye ndoo yenye mfuniko na uiweke juu ya mbao, si sakafuni.

Na sato na sangara, nao wanafuata mwezi?

Si kwa namna ile ile. Sangara na sato wa ziwani huvuliwa kwa nyavu za kutega na ndoano, hawaitwi kwa taa. Bei yao inapanda Alhamisi Kuu kwa sababu ya wanunuzi, si kwa sababu mzigo umekatika. Sato wa vizimba ndio waliotuletea nafuu kubwa: mfugaji anawavuna siku anayotaka, hivyo anaweza kupanga mavuno yake yaangukie Wiki Takatifu. Ukiwa na mfugaji unayemwamini, weka oda wiki mbili kabla na mkubaliane bei ya kilo mapema. Oda ya Jumatano Kuu si oda tena, ni kubembeleza.

Mapanki yana hadithi yake. Hayo ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, na ndiyo mboga ya watu wengi wa mji huu. Kiwanda kikisimama kwa sikukuu, mapanki hayapo, hata kama ziwa limejaa sangara. Anayetegemea mapanki anunue Alhamisi, maana Ijumaa na Jumatatu hana uhakika.

Nyama nayo inapanda lini?

Siku moja baada ya samaki kushuka. Ijumaa Kuu buchani hakuna foleni. Jumamosi kila mtu anataka kilo mbili za Jumapili, na hapo ndipo bei na ubora vinapoharibika: vipande vyote vizuri vinakuwa vimeondoka kabla ya saa nne asubuhi. Ukiwa na jokofu, nunua Ijumaa jioni kwa mchinjaji aliyechinja siku hiyo, uulize wazi. Kuku wa kienyeji wanaoletwa kutoka Shinyanga na Singida hupanda mapema zaidi, kuanzia Jumatano. Mchele hupanda kidogo na hauna sababu ya kukusumbua, kwani hauozi; nunua mwezi kabla.

Benki na mawakala wa simu watakuwa wazi?

Hesabu 2026 kwa makini. Ijumaa Aprili 3 ni Ijumaa Kuu, benki zimefungwa. Jumamosi Aprili 4 si sikukuu ya serikali, hivyo matawi yanayofanya kazi Jumamosi hufunguliwa nusu siku. Jumapili ni Pasaka. Jumatatu Aprili 6 ni Jumatatu ya Pasaka. Jumanne Aprili 7 ni Siku ya Karume. Maana yake, kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumatano asubuhi, Aprili 8, hakuna dirisha la benki. Ni siku tatu na zaidi, katika wiki ambayo watu wanatumia fedha kuliko kawaida.

Anayeumia kwanza ni wakala wa mtaani, na ni vizuri uelewe kwa nini ili usimgombeze bure. Tuseme ana mtaji wa milioni mbili, nusu taslimu na nusu floti kwenye simu. Wanakuja wateja kumi, kila mmoja anatoa 100,000 aliyotumiwa na ndugu yake. Kila anapotoa, taslimu inapungua na floti inaongezeka. Baada ya mteja wa kumi ana milioni mbili kwenye simu na droo tupu. Siku ya kazi angekimbia benki kubadilisha floti iwe noti. Sikukuu hawezi. Anaandika "pesa hakuna" mlangoni, na watu wanadhani anaficha.

Kwa hiyo ukitaka kutoa fedha siku hizo, mfuate wakala ambaye watu huweka fedha kwake. Hao wako karibu na masoko, stendi na baa kubwa, na saa yao ni jioni, wafanyabiashara wanapofunga hesabu na kuweka mauzo ya siku. Saa kumi na mbili jioni wakala wa karibu na soko la Mlango Mmoja ana noti. Wakala wa mtaa wa makazi alizimaliza saa tano asubuhi. Mashine za benki za katikati ya mji hujazwa Alhamisi, na kufikia Jumapili jioni kadhaa huwa zimekauka.

Maduka na masoko hufunga saa ngapi?

Hakuna sheria inayolazimisha duka kufunga siku ya sikukuu, kwa hiyo usitegemee tangazo, tegemea desturi. Mwaloni hufanya kazi alfajiri ya Ijumaa Kuu kama siku zote, lakini ikifika adhuhuri wapagazi wanaondoka kwenda kanisani, na hata ukinunua gunia utakosa wa kulibeba. Fika kabla ya saa mbili. Maduka ya katikati ya mji huchelewa kufungua Ijumaa, Jumamosi yanakaa wazi hadi usiku, na eneo la maduka la Makoroboi siku hiyo halipitiki kwa wanaonunua nguo za watoto. Jumapili asubuhi mji umelala; kuanzia saa nane mchana vibanda vinafunguka kimoja kimoja. Ofisi za serikali usizihesabu kabisa hadi Jumatano.

Duka la dawa liulizie Alhamisi. Mwenye dawa ya kila siku asiingie sikukuu akiwa na vidonge vya siku mbili.

Nikifungua biashara yangu Ijumaa Kuu, namlipa mfanyakazi kiasi gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Kupata mshahara wa saa kwa anayelipwa kwa mwezi, gawa kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa saa zake za kawaida za wiki. Dada anayelipwa 300,000 kwa mwezi kwa saa 45 za wiki anapata karibu 1,540 kwa saa. Mara mbili ni 3,080, na kwa saa nane ni takriban 24,600 kwa siku ile.

Fanya hesabu hii kabla ya kuamua kufungua. Mimi Ijumaa Kuu nafungua kwa sababu samaki wanauzika mpaka sufuria zinaisha. Jumatatu ya Pasaka nimeacha kufungua Mkuyuni, kwani wateja wangu wote wako ufukweni, na mishahara ya siku hiyo ilikuwa inakula mauzo.

Barabara zinajaa siku gani hasa?

Mwanza imebanwa kati ya milima ya mawe na ziwa, hivyo magari yote yanatoka kwa njia chache: Barabara ya Kenyatta kupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kuelekea Shinyanga, Barabara ya Nyerere kupita Mabatini, Nyakato na Igoma kuelekea Musoma, na Barabara ya Makongoro kupita Kirumba kuelekea uwanja wa ndege. Ikijaa moja, nyingine haikusaidii, labda kama uko nje ya mji tayari.

Alhamisi Kuu kuanzia saa tisa alasiri, Kenyatta na Nyerere zinajaa kuelekea nje. Watu wanakwenda Sengerema, Geita, Magu, Bunda. Mvua ikinyesha saa hiyo, ongeza saa nzima. Ijumaa kuna Njia ya Msalaba, waumini wanatembea barabarani kwa nyimbo. Magari yanasubiri, na ni haki yasubiri. Jumapili mchana hakuna shida. Jumatatu jioni ndiyo mbaya kuliko zote ndani ya mji, kwa sababu familia zilizokwenda fukwe za upande wa Ilemela na Luchelele zinarudi kwa saa moja ile ile, na Kirumba kunakuwa na watu wa uwanja wa mpira na wa viwanja vya Furahisha pia. Kama una ndege jioni hiyo, ondoka mjini mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Bado kuna foleni ya kivuko kwenda Sengerema na Geita?

Kwa Kigongo–Busisi hapana. Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa Juni 19, 2025, lina urefu wa kilomita 3, na kuvuka ni dakika chache. Waliokuwa wanasafiri sikukuu kabla ya hapo wanakumbuka kukaa Kigongo saa kadhaa, watoto wamelala garini na vyakula vinaharibika. Foleni ile imehamia kwingine: magari yaliyokuwa yanachelewa kivukoni sasa yanafika Usagara na Buhongwa kwa pamoja, na msongamano wa Jumanne jioni watu wanaporudi unauona hapo.

Visiwani ni jambo jingine. Anayekwenda Ukerewe bado anategemea maji, hata akizunguka kwa Bunda, na katika sikukuu vyombo vinajaa. Hapa sitanii na mtu. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, kivuko kilichotengenezwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara siku ya gulio kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 walikufa. Ukiona chombo kinaendelea kupokea watu wakati hakuna tena pa kukaa, shuka. Safari ya kesho ipo.

Nauli za basi na daladala zinaruhusiwa kupanda?

Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na sikukuu haizibadilishi. Ukinunua tiketi ya kwenda Dar, mahali pa kudaiwa zaidi si ndani ya basi, ni mkononi mwa mpiga debe aliyekudaka getini Nyegezi au Nyamhongolo na kukuambia "imebaki siti moja". Nenda kwenye dirisha, kata tiketi ya mtandao yenye jina lako na kiasi ulicholipa. Kiasi kilichoandikwa kikiwa tofauti na ulichotoa, hapo una ushahidi. Namba ya bure ya kulalamikia imebandikwa ndani ya basi.

Daladala hawapandishi nauli, wanakatisha ruti. Gari limeandikwa Buhongwa, linakushusha Nyegezi likigeuza kufuata abiria wengi mjini, na wewe unalipa mara mbili. Muulize konda kabla hujapanda, kwa sauti, abiria wengine wasikie: "Mpaka Buhongwa mwisho?" Akijibu ndiyo mbele ya watu kumi, ni vigumu kukuacha njiani. Bodaboda na bajaji hazina bei iliyoandikwa. Kubaliana kabla hujakaa.

Nikitoka Dar, nije siku gani?

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, hivyo hakuna tena ulazima wa kuondoka alfajiri. Ukiondoka Jumatano mchana unafika Alhamisi kabla ya msongamano wa kutoka mji haujaanza, na masoko yako wazi. Ukiondoka Alhamisi jioni unafika Ijumaa mji ukiwa kwenye Njia ya Msalaba na soko linafungwa. Kurudi, kwa 2026, watu watagombea Jumanne. Ondoka Jumatatu usiku kama unaweza.

Bulabo nayo inafuata mwezi?

Ndiyo, na watu wachache hulitambua hilo. Bulabo ni ngoma za Wasukuma zinazofanyika Kisesa, Bujora, kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Makundi ya Bagalu na Bagika, yanayofuata jadi ya waganga Gumha na Ngika, yanashindana, na mchezo wa nyoka ndio unaojaza uwanja. Sikukuu yenyewe imefungwa kwenye Ekaristi Takatifu, ambayo ni siku 60 baada ya Pasaka. Miezi miwili ya angani ni siku 59, hivyo Bulabo inakuta mwezi angani ukiwa karibu vile vile ulivyokuwa Pasaka. Mwaka 2026 Ekaristi ni Alhamisi, Juni 4, na mwezi mpevu ni Mei 31. Kwa mama lishe anayetaka kuuza dagaa Bujora, kanuni ni ile ile: nunua katikati ya Mei.

Si sikukuu ya serikali, benki na ofisi ziko wazi. Kinachobadilika ni barabara ya Musoma pale Kisesa, ambapo bodaboda, mabasi na watembea kwa miguu wanagombea lami moja. Anayetoka Shinyanga kwenda Musoma asiingie mjini. Barabara ya mchepuo ya Usagara hadi Kisesa inamtoa moja kwa moja, ila inamwaga pale pale penye ngoma, kwa hiyo apite asubuhi.

Nane Nane na Krismasi je?

Hizi ziko kwenye tarehe, hazifuati mwezi, kwa hiyo kila mwaka lazima utazame upya. Agosti 8, 2026 iko siku nne kabla ya mwezi mwandamo: giza zuri, dagaa watakuwepo, na shida yako itakuwa ni barabara ya Nyerere kuelekea viwanja vya Nyamhongolo, ambayo hujaa tangu siku za maonyesho. Krismasi ya 2026 ni kinyume. Mwezi mpevu ni Desemba 24. Ng'ombe na kuku watapanda kama kawaida ya Desemba, na safari hii dagaa nao watapanda pamoja nao. Giza la kabla yake liko karibu na Desemba 9, Siku ya Uhuru. Mimi siku hiyo nitakuwa Mwaloni kabla ya saa moja asubuhi.